Otelo: vyumba 3 vya mwisho vinapogeuza parti iliyoonekana imekwisha

Kwenye ubao wa Otelo kete nyeusi ni 39, nyeupe ni 22. Vimebaki vyumba 3 tu, na zamu ni ya mwenye kete nyeupe. Anayetazama kutoka pembeni anamwambia: "Kaka, acha tu, parti imekwisha."

Lakini haijakwisha. Katika vyumba vile 3, mwenye nyeupe ana njia moja ya kushinda, 33 kwa 31. Ana pia njia mbili za kupoteza vibaya, na moja kati ya hizo ndiyo inayovutia macho kuliko zote. Kinachomwokoa ni kuhesabu vyumba vilivyobaki na kujua nani atafunga kila shimo.

Makala hii inaeleza hesabu hiyo. Mwenye ubao apange kete kama zilivyo hapa chini, kisha afuate hatua kwa hatua. Asiye na ubao anaweza kuchora vyumba kwenye karatasi na kutumia vifuniko vya chupa: upande mmoja rangi hii, upande wa pili rangi nyingine.

Sheria kwa kifupi

Otelo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1973, kazi ya Goro Hasegawa, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1977. Mchezo wenyewe unafanana na rivasi, uliojulikana London tangu miaka ya 1880.

Ubao una vyumba 64, yaani 8 kwa 8. Kila kete ina upande mweusi na upande mweupe. Mchezaji anaweka kete yake ili kete za mwenzake zibanwe katikati, kati ya kete mpya na kete yake nyingine iliyokuwa tayari kwenye mstari huo. Zote zilizobanwa zinageuka rangi. Mstari unaweza kulala, kusimama au kwenda mshazari. Siyo kama dami: hakuna kete inayotoka kwenye ubao. Asiyeweza kugeuza hata kete moja hana ruhusa ya kuweka; zamu yake inapita. Ubao ukijaa, mwenye kete nyingi ndiye mshindi.

Katika maelezo haya, wachezaji wenyewe tutawaita Nyeupe na Nyeusi.

Ubao wenyewe

Herufi a mpaka h ni safu za kusimama, namba 1 mpaka 8 ni safu za kulala. O ni kete nyeupe, X ni kete nyeusi, nukta ni chumba kitupu.

```
    a b c d e f g h
1   . X X O O O X O
2   X X X X O X O O
3   X X O X X O O X
4   X X O O X X O X
5   X X X O X O O X
6   X X X O O X O X
7   X X X X X O X X
8   X X X O O X . .
```

Vyumba vitupu ni a1 kule juu kushoto, kisha g8 na h8 chini kulia. Zamu ni ya Nyeupe.

Tazameni jinsi vyumba hivyo vilivyogawanyika. Chumba a1 kiko peke yake. g8 na h8 vinagusana. Kwa hiyo kuna mashimo mawili: shimo moja lenye chumba 1, na shimo jingine lenye vyumba 2. Mgawanyiko huo ndio mwanzo wa hesabu yote.

Kona inayovutia

Mchezaji wengi wangemwona anakimbilia h8. Juu ya nini? Kwanza ni kona, na kete iliyowekwa kwenye kona haigeuki tena. Pili, inageuza kete nyingi. Kwenye safu ya h inabana h7, h6, h5, h4 na h3, maana h2 ni nyeupe. Kwenye mshazari inabana g7, f6 na e5, maana d4 ni nyeupe. Jumla kete 8 zinageuka kwa mchezo mmoja. Kutoka 22 kwa 39, hesabu inakuwa 31 kwa 31. Watu pembeni wanapiga makofi.

Sasa ni zamu ya Nyeusi, na anaingia g8. Hapa ndipo mtego ulipo. Mbele ya mchezo ule, g7 ilikuwa nyeusi. Nyeupe mwenyewe ameigeuza kuwa nyeupe alipochukua kona. Kwa hiyo safu ya g imekuwa nyeupe mfululizo, kuanzia g7 kupanda mpaka g2, na kule juu kabisa g1 ni nyeusi. Kete 6 zinabanwa na kugeuka. Kwenye mshazari wa kushoto, f7, e6, d5 na c4 ni nyeupe, na b3 ni nyeusi. Hizo 4 nazo zinageuka. Nyeusi anafika 42, Nyeupe anashuka mpaka 21.

Kimebaki a1. Nyeupe anakichukua: anageuza b1 na c1, maana d1 ni nyeupe, na b2 kwenye mshazari, maana c3 ni nyeupe. Kete 3 tu. Parti inakwisha 25 kwa 39.

Njia ya pili ni Nyeupe kuanza na g8. Anageuza g7 na f8, anafika 25 kwa 37. Nyeusi anafunga shimo kwa h8: kwenye safu ya 8 anageuza g8, f8, e8 na d8, na kwenye mshazari anageuza g7. Inakuwa 20 kwa 43. Nyeupe anamalizia a1, na matokeo ni 24 kwa 40. Ni mbaya zaidi.

Njia ya kushinda

Nyeupe aanze na a1. Kwa macho ni mchezo mdogo: kete 3 tu zinageuka, na hesabu inakuwa 26 kwa 36. Bado yuko nyuma kwa kete 10.

Sasa Nyeusi anatazama ubao. Kona h8 hawezi kuiingia: g7 na h7 ni kete zake mwenyewe, na g8 ni tupu, kwa hiyo hakuna cha kubana. Imebaki g8 peke yake, na sheria inamlazimisha kucheza. Anageuza f7, e6, d5 na c4 tu. Safu ya g haigeuki, maana g7 bado ni nyeusi, Nyeupe hajaigusa. Hesabu: 22 kwa 41.

Kwa mtu asiyehesabu, hali imerudi kuwa mbaya kama mwanzo. Lakini kimebaki chumba kimoja, h8, na ni cha Nyeupe. Anageuza kete 5 za safu ya h, kete 3 za mshazari, na sasa pia g8 na f8 kwenye safu ya 8, maana e8 ni nyeupe. Jumla kete 10. Nyeupe anafika 33, Nyeusi anabaki na 31, na hakuna tena anayeweza kujibu.

Vyumba ni vilevile 3, na katika njia zote tatu Nyeupe ndiye aliyecheza mwisho kabisa. Tofauti ni hii: katika njia mbili za kwanza alilifungua shimo la vyumba 2, na Nyeusi akalifunga. Katika njia ya tatu Nyeusi ndiye aliyelifungua, na Nyeupe akalifunga.

Jozi na witiri

Shimo lenye vyumba 2, 4 au 6 ni la jozi. Shimo lenye 1, 3 au 5 ni la witiri. Kama wachezaji wanapokezana ndani ya shimo la jozi, anayeingia wa kwanza hatafunga, mwenzake atafunga. Kwenye shimo la witiri, anayeingia wa kwanza ndiye pia anayefunga. Na kufunga kuna faida, maana kete zinazogeuzwa na mchezo wa mwisho wa shimo hazipati mtu wa kuzirudisha kutoka shimo lile.

Kwa hiyo kanuni ni: ingia kwenye shimo la witiri, ili umwachie mwenzako mashimo ya jozi peke yake. Popote atakapoingia, mjibu ndani ya shimo lilelile. Tuseme vimebaki vyumba 5, vitatu kona hii na viwili kona ile. Ingia penye vitatu. Vinabaki viwili na viwili, na mwenzako ndiye wa kufungua.

Kuna sababu ya Nyeupe kuwa na bahati hii mara nyingi. Mchezo unaanza na kete 4 katikati, kwa hiyo vyumba vya kujaza ni 60. Nyeusi anaanza. Kama hakuna zamu iliyopita bure, mchezo wa 60 ni wa Nyeupe. Ndiyo maana kila zamu ya Nyeupe vyumba vilivyobaki ni witiri, na kila zamu ya Nyeusi ni jozi. Kwenye ubao wetu vilibaki 3 na zamu ilikuwa ya Nyeupe, sawasawa na kanuni.

"Kona ile ni yangu, ya nini kuharakisha?"

Swali hili linaulizwa na kila anayeuona ubao huu mara ya kwanza, na ni swali zuri. Nyeusi hawezi kuingia a1 hata kidogo: b1, b2 na a2 ni kete zake, hakuna cha kubana. Basi Nyeupe angeweza kukiweka akiba na kukila mwisho. Hakuna mwizi.

Jibu ni kwamba a1 haikuchezwa juu ya kete 3 zake. Ilichezwa ili kumpa Nyeusi zamu asiyoitaka. Chumba ambacho wewe peke yako unaweza kuingia ni kama zamu moja iliyowekwa mfukoni. Itoe wakati ambapo, bila hiyo, ungelazimika kufungua shimo la jozi. Ukiiacha mfukoni mpaka mwisho, utapata kete zake 3, lakini utakuwa umeshalifungua shimo kubwa kwa mkono wako.

Wakati mwingine inafaa kinyume chake. Tuseme zamu ni ya Nyeusi na vimebaki vyumba 4: shimo la vyumba 3 ambalo wote wanaweza kuingia, na chumba 1 ambacho ni Nyeusi peke yake anayeweza kuingia. Jumla ni jozi, na kwa hesabu ya kawaida Nyeupe ndiye atakayecheza mwisho. Lakini Nyeusi anaingia penye vitatu, Nyeupe anajibu, Nyeusi anafunga. Sasa Nyeupe hana pa kuweka, zamu yake inapita, na Nyeusi anachukua chumba chake cha akiba. Amefunga mashimo yote mawili. Hapa akiba ilifaa kubaki mfukoni, maana shimo jingine lilikuwa tayari la witiri. Mchezaji wa Nyeusi anayejua mambo haya anaanza kutafuta chumba cha namna hii mapema, kwa sababu hesabu ya 60 haiko upande wake.

Kete moja inapoharibu yote

Kanuni ya jozi na witiri inategemea jambo moja: kila mtu awe na pa kucheza zamu yake ikifika. Zamu ikipita bure, hesabu inapinduka.

Rudini kwenye ubao wa mwanzo na mgeuze kete moja tu: f7 iwe nyeusi badala ya nyeupe. Sasa ni 21 kwa 40. Nyeupe anacheza a1 kama alivyofundishwa, inakuwa 25 kwa 37. Nyeusi anatazama g8: f7, g7, h7 na f8 zote ni zake, hakuna cha kubana. h8 vilevile hawezi. Kwa hiyo zamu yake inapita, na Nyeupe analazimika kulifungua lile shimo ambalo alitaka mwenzake alifungue.

Akichukua h8 anafika 34 kwa 29 na anaonekana ameshinda. Lakini kona ile imegeuza tena g7, na imemfungulia Nyeusi mlango wa g8. Nyeusi anageuza kete 6 za safu ya g na parti inakwisha 28 kwa 36. Nyeupe akianza na g8 badala yake, Nyeusi anafunga h8 na inakuwa 24 kwa 40. Hakuna njia ya kushinda kwenye ubao huo.

Kwa hiyo, mbele ya kumwachia mwenzako shimo la jozi, angalia kwanza kama ataweza kuliingia. Angalia kila mstari unaotoka kwenye kile chumba kitupu. Kete inayokigusa ikiwa ni yake mwenyewe, mstari ule hautamsaidia. Mistari yote ikiwa hivyo, atapitisha zamu, na wewe ndiye utakayefungua.

Kuhesabu bila kuchoka

Hakuna haja ya kuhesabu kete zote 64 kila mara. Shika tofauti tu. Kila kete inayogeuka inasogeza tofauti kwa 2, maana mmoja anapoteza na mwingine anapata. Kete mpya inaongeza 1. Kwenye ubao wetu Nyeupe alianza akiwa nyuma kwa 17. Mchezo wa a1 uligeuza 3: mara 2 ni 6, ongeza 1, ni 7. Akabaki nyuma kwa 10. Mchezo wa g8 wa Nyeusi uligeuza 4, yaani 9. Nyeupe akawa nyuma kwa 19. Mchezo wa h8 uligeuza 10, yaani 21. Toa 19 kwenye 21, zinabaki 2. Ndiyo ile 33 kwa 31.

Kwa vyumba 3 kuna mipangilio 6 tu ya kucheza, na kwenye ubao huu ilikuwa 3, kwa sababu Nyeusi hakuwa na la kuchagua. Kwa vyumba 4 ni 24, kwa vyumba 5 ni 120. Hapo hakuna anayeweza kupitia yote kichwani, na ndipo jozi na witiri zinasaidia: zinaonyesha mchezo wa kuangalia kwanza. Lakini hazihukumu. Wakati mwingine mstari mmoja mrefu unapita uzito wa shimo zima, na anayeshinda ni yule aliyehesabu mpaka mwisho.

Kosa linalowakamata wengi katika kuhesabu ni kusahau kwamba ubao umebadilika. Mtu anahesabu mchezo wa mwenzake kwa kutazama kete zilivyo sasa, siyo zitakavyokuwa baada ya mchezo wake mwenyewe. Kwenye ubao wetu kosa hilo lina jina: g7. Ikiwa nyeusi, inaufunga mdomo wa safu ya g na kete 5 za Nyeupe zinalala salama nyuma yake. Ikigeuka nyeupe kabla ya g8 kujazwa, Nyeusi anaingia g8 na zote zinaondoka, pamoja na hiyo g7 yenyewe.

Basi yule wa pembeni aliyesema parti imekwisha alihesabu kete. Alipaswa kuhesabu vyumba: kimoja huku, viwili kule, na nani atalazimika kuvifungua vile viwili.